Hitimisho la ripoti ya maabara: Kloraidi katika maji ya visima vinane vya Kigamboni, Dar es Salaam

6. Hitimisho

Nadharia tete tuliyoiandika kabla ya kuchota sampuli ilisema hivi: kadiri kisima kinavyokuwa mbali na ufuo wa Bahari ya Hindi, ndivyo kloraidi katika maji yake inavyopungua, kwa sababu maji ya bahari yamepenya kwenye maji ya ardhini ya eneo hilo. Sentensi ni moja lakini imebeba madai mawili. La kwanza ni la mpangilio, yaani umbali na kloraidi vinakwenda kinyume. La pili ni la chanzo, yaani chumvi hiyo imetoka baharini. Tunayahitimisha kila moja peke yake, kwa kuwa matokeo hayakuyatendea sawa.

Dai la kwanza limeungwa mkono. Kisima K1, kilichopo kilomita 0.2 kutoka ufuoni, kilikuwa na kloraidi 1,140 mg/L. K8, kilomita 4.1, kilikuwa na 95 mg/L (Jedwali la 2). Kipimo cha Spearman, kinacholinganisha mpangilio wa visima kwa umbali na mpangilio wao kwa kloraidi, kilitoa −0.83 kwa visima vyote vinane, nasi tulihitaji kuvuka 0.738, kwa upande wowote, ili kusema mpangilio huu si rahisi kutokea kwa bahati tu katika kiwango cha 0.05. Tumeuvuka. Hata hivyo visima ni vinane, vilichaguliwa kwa sababu wenyewe walikubali kutufungulia, na vyote vilichotwa ndani ya wiki moja ya Agosti, wakati wa kiangazi. Kwa hiyo tunachosema ni kwamba katika visima hivi, wiki ile, kloraidi ilielekea kupungua kadiri tulivyoingia ndani. Hatusemi kwamba visima vya Kigamboni kwa ujumla viko hivyo, na hatujui masika ya Machi hadi Mei yangebadilisha nini.

Tumeacha pia kutoa kiwango cha upungufu kwa kila kilomita. Upungufu haukwenda kwa mstari ulionyooka: K4 (kilomita 1.4) kilikuwa na 385 mg/L, na K5, kilicho mbali zaidi kwa nusu kilomita, kikawa na 470.

Je, tofauti hizi zinaweza kuwa zimetoka mezani kwetu badala ya visimani? Kazi ya bureti tuliigawana: mmoja alipima K1 hadi K4, mwingine K5 hadi K8. Katika njia ya Mohr mpimaji anadondosha silva nitreti kwenye sampuli huku akisubiri rangi ya njano ya potasiamu kromati ianze kugeuka kuelekea wekundu wa tofali, na macho mawili hayakubaliani daima mgeuko umeanza lini. Kwa kuwa mgawanyo wetu ulifuata umbali, jicho la mpimaji lingeweza kujifanya umbali. Ndiyo maana tulibadilishana K4 na K5 na kupima upya. Tofauti kubwa kati yetu ilikuwa 8 mg/L, na ile ya marudio matatu ya mtu mmoja ilikuwa 12 mg/L. Pengo la 85 mg/L kati ya visima hivyo viwili halielezwi na hayo, sembuse lile la K1 na K8. pH ya sampuli zote ilikuwa kati ya 7.1 na 8.0, ambamo njia hii hufanya kazi vizuri. Jambo moja linabaki: silva nitreti haichagui, hukamata bromaidi pia na kuihesabu kama kloraidi. Katika maji ya kawaida bromaidi ni kidogo mno kuvuruga picha, ila namba zetu zisomwe hivyo.

Sasa K7. Kiko kilomita 3.3 kutoka ufuoni, na kwa nadharia tete yetu kilipaswa kuwa chini ya K6 chenye 190 mg/L. Kikatoa 520. Tulikipima mara ya pili kwa chupa nyingine iliyochotwa siku hiyohiyo, namba ikabaki palepale. Tukikiondoa, kipimo cha Spearman kinapanda hadi −0.96 na grafu inapendeza sana. Hatukukiondoa. Hakuna kasoro ya upimaji tuliyoiona, na kisima hakifutwi kwa sababu tu kimekataa kufuata mstari.

Maelezo ya K7 yanaweza kuwa mawili, na yote yanagusa dai letu la pili. Kwanza, ni kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mkono, chenye kina cha mita 9 hivi, na choo cha shimo kiko hatua chache tu kutoka kilipo. Mkojo una kloraidi nyingi, hivyo maji machafu yanaweza kuipandisha bila tone moja la bahari kuhusika. Pili, Kigamboni haina maji ya chumvi upande mmoja tu. Upande wa pili kuna mkono wa bahari wa Kurasini, ule unaovukwa na Daraja la Nyerere, na K7 kiko kama kilomita 0.7 kutoka hapo. Sisi tulipima umbali kutoka ufuo wa mashariki peke yake. Inavutia kurudi sasa na kupima upya umbali wa kila kisima kutoka maji ya chumvi yaliyo karibu zaidi, kisha kutangaza kwamba kila kitu kimekaa sawa. Lakini wazo hilo limezaliwa na namba hizihizi, na namba hizihizi haziwezi kulithibitisha. Litahitaji visima vingine.

Kwa hiyo dai la pili, la chanzo, tunaliacha wazi. Matokeo yanaafikiana nalo: maji ya bahari yana kloraidi karibu 19,000 mg/L, na tukichukua maji ya K8 kama maji matamu ya kuanzia, mchanganyiko wenye asilimia 5.5 tu ya maji ya bahari ungetosha kufikisha 1,140 mg/L ya K1. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba jambo linawezekana. Haionyeshi kwamba ndilo lililotokea. K8 chenyewe ni kisima cha mashine chenye kina cha mita 70, na visima vitatu wenyewe hawakujua kina chake. Huenda sehemu ya kile tunachokiita umbali ni kina.

Visima sita kati ya vinane vilizidi 250 mg/L. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa kloraidi. Namba hiyo inahusu ladha, ambayo huanza kuhisika pale kloraidi inapozidi hapo. Wenye visima walipotuuliza kama maji yao ni salama, tuliwaambia tumepima chumvi tu, wala si vijidudu, na ripoti hii haijibu swali hilo.

Kipimo ambacho kingetenganisha bahari na choo ni uwiano wa kloraidi kwa bromaidi, ambao katika maji ya bahari ni karibu 290 kwa uzito na katika maji machafu ya majumbani kwa kawaida huwa juu zaidi, pamoja na nitreti. Kwa awamu ijayo tunapendekeza vipimo hivyo viwili vianze na K1, K7 na K8, sampuli zichotwe Agosti na tena Mei, na kina cha kila kisima kipimwe kwa kamba kabla ya kuchota.