Barua kwa Shoga Yangu Koku, Kabla ya Harusi Yake

Masasi, Mtwara
3 Novemba, 2024

Mpendwa shoga yangu Koku,

Natumaini barua hii itakukuta salama pamoja na baba na mama, ambao naomba uwafikishie shikamoo zangu. Huku kwetu sote ni wazima, na binti yangu anakusalimia sana. Nimeiweka barua ndani ya kifurushi cha korosho ninachokutumia kwa basi, kwa sababu ninayotaka kukueleza hayafai kusomwa kwenye simu katikati ya pilikapilika za maandalizi.

Siku nilipokupigia kukuarifu kwamba sitakuwapo Bukoba Jumamosi ya tarehe 16, ulinyamaza kwa muda, kisha ukasema, "Haya, hakuna neno," ukaanza kuniuliza habari za mvua. Nimekufahamu tangu tukiwa kidato cha kwanza, na najua kwamba ukikimbilia habari za mvua, neno lipo. Sikupata nguvu ya kuendelea siku ile. Ninaendelea leo.

Ningeweza kukuambia kwamba nauli imenishinda, na wengi wangeniamini, kwa kuwa kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni siku nzima ndani ya basi, na kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300 nyingine. Lakini wewe ulikwisha kuiondoa sababu hiyo pale ulipojitolea kunilipia tiketi ya ndege. Ningeweza pia kusema kwamba mtoto anaumwa, au kwamba mama amenikataza, na ukanionea huruma. Hakuna aliyenikataza, Koku. Nilikaa, nikapima, nikachagua mtihani, na sitaki uingie kanisani ukidhani kwamba kuna mtu au jambo lililonifunga miguu. Urafiki wetu haujawahi kuhitaji visingizio, na sioni kwa nini uanze kuvihitaji sasa.

Mtihani wa kidato cha nne unaanza Jumatatu ya tarehe 11 na utaendelea hadi tarehe 29. Harusi yako imeangukia katikati yake. Silalamiki juu ya tarehe mliyoichagua, maana ninaelewa kwamba padri aliwashauri mfunge ndoa kabla ya Majilio, ambayo mwaka huu yanaanza tarehe 1 Desemba, na kwamba mchumba wako hakupata likizo mapema zaidi. Nami nilijiandikisha mwanzoni mwa mwaka, kabla posa haijaletwa, na mtihani huo hufanyika mara moja tu kwa mwaka. Mtahiniwa asiyetokea chumbani hapangiwi siku nyingine; matokeo yakitoka, somo lile linawekewa alama ya X, na anasubiri Novemba nyingine.

Niliitazama ratiba yangu pamoja na ratiba ya ndege uliyonitumia, kwa nia njema kabisa. Ningetoka kwenye chumba cha mtihani Ijumaa, nikimbilie Mtwara mjini, nilale huko, niondoke Jumamosi alfajiri kwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo nitafute ndege ya kuja kwenu. Kama kila kitu kingekwenda sawa, ningefika misa imekwisha, mkiwa tayari ukumbini, na Jumapili ningelazimika kuanza safari ya kurudi kabla hamjaamka, ili Jumatatu saa mbili asubuhi niwe nimekaa kwenye kiti changu. Ndege moja ikiahirishwa kwa ukungu au kwa sababu nyingine yoyote, ningekuwa nimekosa misa yako na mtihani wangu pia. Na hata kama nisingekosa kitu, ningekaa kwenye harusi yako nikitazama saa, jambo ambalo wewe ungeliona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hayo ni mambo ya ratiba, na ratiba peke yake haitoshi kueleza. Unaweza kujiuliza kwa nini nisingesubiri mwaka mmoja zaidi, ikiwa nimekwisha kusubiri kumi na moja. Swali hilo nimejiuliza mwenyewe usiku, na ndilo hasa ninalotaka kulijibu.

Unakumbuka jinsi nilivyoondolewa shuleni mwaka 2013, tukiwa kidato cha tatu. Nilipewa barua, nikaambiwa nirudishe vitabu vya shule, na mchana ule ule nikawa nyumbani. Sina haja ya kukuhadithia yaliyobaki, kwa kuwa ulikuwapo. Ila kuna jambo ambalo sidhani kama niliwahi kukuambia vizuri. Kila Jumamosi ulikuwa unakuja na madaftari yako, tukakaa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, nami nikanakili yote uliyofundishwa wiki ile, huku watu wakipita na kukuuliza ulikuwa unafuata nini kwa mtu kama mimi. Uliendelea hata baada ya mtoto kuzaliwa. Ulipomaliza kidato cha nne uliniachia madaftari yenyewe, na ninayo hadi leo. La Baiolojia limeliwa na mchwa pembeni, lakini ule mchoro wa moyo ulioupaka wino mwekundu upande mmoja na wa buluu upande mwingine bado unasomeka vizuri, na wiki iliyopita niliutumia kujikumbusha jinsi damu inavyozunguka mwilini.

Na Novemba ya mwaka 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni, ni wewe uliyenipigia simu usiku kunieleza, ukiwa na furaha kana kwamba habari ile ilikuwa yako. Nilikujibu kwamba mimi nilikuwa nimepita umri wa kuvaa sare na kukaa dawati moja na watoto. Hukunilazimisha. Uliniambia tu kwamba kuna madarasa ya jioni ya watu wazima na kwamba mlango wa mtahiniwa wa kujitegemea haujali umri. Nilichukua muda kukubali, lakini nilikwenda, na mwaka jana nilifaulu Mtihani wa Maarifa, ambao bila huo nisingeweza hata kuandikishwa mwaka huu.

Sasa unaweza kuona kwa nini siwezi kuuchukulia mtihani huu kama jambo la kuahirisha. Mwanafunzi wa shule anaingia akiwa na alama za maendeleo alizojikusanyia katika miaka yake. Sisi wa kujitegemea hatuna akiba hiyo, na kila kitu kinategemea tutakachokiandika katika wiki hizi tatu. Ninahitaji ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ili niombe nafasi ya astashahada ya kilimo, maana nimelima na kubangua korosho tangu utotoni, na nimechoka kuwaona mabwana shamba wakija shambani kwa mama kumweleza mambo ambayo mimi ningeweza kumweleza kwa lugha yake. Ada ya masomo ya jioni na ya kujiandikisha imetoka kwenye korosho za msimu uliopita, na mama hakununua bati za jikoni kwa ajili hiyo. Binti yangu amemaliza upimaji wa darasa la nne mwezi uliopita. Tumesoma meza moja, taa moja, na mara kadhaa ameniuliza kama mimi pia huwa ninaogopa. Nilimwambia kwamba ninaogopa, na kwamba nitaingia hivyo hivyo. Nikiahirisha mwaka huu, hata kwa sababu nzuri kama yako, ninajijua: mwakani kutakuwa na msiba, au ugonjwa, au mavuno mabaya, na nitakuwa nimekwisha kujizoeza kusema mwakani.

Lakini sitaki pia uamini kwamba uamuzi huu ulikuwa rahisi kwangu, au kwamba ninaiona siku yako kuwa ndogo. Nilikuwa nimeiota. Uliniomba nikusindikize hadi mbele ya altare, mimi niliyekuwa sijui hata lini mtu anasimama na lini anapiga magoti katika misa, na ukaahidi kunifundisha usiku wa kuamkia harusi. Nilitaka nimwone mama yako akicheza. Nilitaka nile matoke ya mkono wa shangazi zako na senene mlizonisifia tangu tukiwa wasichana, na mwezi huu ndio msimu wake. Zaidi ya hayo, nilitaka wakwe zako waone kwamba unao ndugu kutoka upande huu wa nchi ambao hukuzaliwa nao. Hayo yote nitayakosa, na hakuna picha wala video itakayonirudishia. Ninayajua ninayoyaacha, na bado nimeyaacha. Ukiumia, una haki ya kuumia, nami sitakuomba uharakishe kupoa.

Nafasi yangu pembeni yako naomba umpe mdogo wako. Nimekwisha kuzungumza naye, na nimemweleza kwamba ukiwa na hofu huwa unabana vidole vya mkono wa kushoto, hivyo akuwekee leso mkononi bila kukuuliza. Mchango wangu nimeukabidhi kwa mweka hazina wa kamati. Ndani ya kifurushi utakuta korosho zilizobanguliwa na mama kwa mkono wake, pamoja na doti ya khanga tuliyoichagua mimi na binti yangu sokoni. Kipande kimoja ni chako na kingine nimebaki nacho, nami nitakivaa siku hiyo hapa Masasi.

Mtihani wangu wa mwisho ukimalizika nitakuja, kwa basi, bila haraka, na mtakuwa mmekwisha kuhamia Mwanza. Nataka nikae wiki nzima, nimfahamu mumeo, nikusaidie kupanga nyumba, na unisimulie harusi yote tangu mwanzo, hata yale yaliyoharibika. Kama utakuwa bado una kinyongo, tutakizungumza jikoni ana kwa ana.

Jambo la mwisho ni kuhusu Jumamosi yenyewe. Nitakupigia saa kumi na mbili asubuhi, kabla mpambaji hajafika. Mwambie mdogo wako akae na simu karibu na aipokee hata kama wewe utakuwa bafuni, kwa sababu baada ya hapo nitaifunga simu yangu nirudi kwenye madaftari, na nisingependa siku ile ipite bila kusikia sauti yako ukiwa bado bibi harusi.

Nakutakia wewe na mwenzako ndoa ya amani na ya kicheko, na Mungu awalinde wote wawili.

Wako wa siku zote,
Somoe