Taarifa ya Mweka Hazina, Juni 2025

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, habari za jioni.

Tulianza Juni tukiwa wanachama 24, baada ya mmoja kuhama na kulipwa hisa zake mwezi Mei. Wawili wapya wameingia tarehe 7, kwa hiyo sasa tuko 26.

Katika vikao vinne tumeuza hisa 318 za shilingi 5,000, sawa na 1,590,000. Mfuko wa jamii umeingiza 101,000. Zilipaswa kuwa 104,000. Wanaodaiwa buku zao tatu wanajijua, na leo nimewaona wote wapo. Faini za kuchelewa ni 14,000. Jumla ya makusanyo ni shilingi 1,705,000.

Marejesho ya mikopo, pamoja na riba, ni 1,452,000. Tumetoa mikopo mipya ya 2,000,000 na rambirambi ya 50,000 kwa mwenzetu aliyefiwa.

Mwezi ulianza na salio la 3,465,000. Baada ya mapato na matumizi hayo, fedha taslimu ni 4,572,000: benki 4,300,000, na sandukuni 272,000, ambazo washika funguo watatu wamezihesabu mbele yenu muda mfupi uliopita. Mikopo iliyo mikononi mwa wanachama, bila riba, ni 3,150,000. Mali yote ya kikundi ni shilingi 7,722,000.

Mikopo miwili imepitiliza wiki tatu. Naomba kikao kiijadili leo, kabla hatujapokea maombi mapya.

Daftari na karatasi za benki viko mezani. Njooni mkague.

Mweka Hazina
5 Julai 2025