Jedwali la sensa kwa maneno: mikoa mitano yenye watu wengi Tanzania, 2012 na 2022

Mwanangu, hili ndilo jedwali la ukurasa wa pili wa karatasi ya Jiografia, lile ambalo simu yako ililisoma kama rundo la namba zisizo na mwenyewe. Nimeliandika upya ili kila namba itajwe pamoja na mkoa wake na mwaka wake. Nimezikadiria kufikia elfu iliyo karibu, maana tarakimu saba kamili zikisomwa mfululizo hazikai kichwani.

Jedwali lina safu nne: jina la mkoa, idadi ya watu mwaka 2012, idadi ya watu mwaka 2022, na ongezeko. Lina mistari sita, mitano ya mikoa na mmoja wa taifa zima. Mikoa imepangwa kuanzia wenye watu wengi zaidi mwaka 2022. Sensa ya 2012 ilihesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia Agosti 26, na ya 2022 usiku wa kuamkia Agosti 23.

Wa kwanza ni Dar es Salaam. Mwaka 2012 ulikuwa na watu milioni 4 na elfu 365. Mwaka 2022 ulikuwa na milioni 5 na elfu 384. Waliongezeka milioni 1 na elfu 19.

Wa pili ni Mwanza. Mwaka 2012 ulikuwa na watu milioni 2 na elfu 773. Mwaka 2022 ulikuwa na milioni 3 na elfu 700. Waliongezeka elfu 927.

Wa tatu ni Tabora. Mwaka 2012 ulikuwa na watu milioni 2 na elfu 292. Mwaka 2022 ulikuwa na milioni 3 na elfu 392. Waliongezeka milioni 1 na laki moja.

Wa nne ni Morogoro. Mwaka 2012 ulikuwa na watu milioni 2 na elfu 218. Mwaka 2022 ulikuwa na milioni 3 na elfu 197. Waliongezeka elfu 979.

Wa tano ni Dodoma. Mwaka 2012 ulikuwa na watu milioni 2 na elfu 84. Mwaka 2022 ulikuwa na milioni 3 na elfu 86. Waliongezeka milioni 1 na elfu 2.

Mstari wa mwisho ni wa Tanzania nzima, Bara na Zanzibar pamoja. Mwaka 2012 tulikuwa milioni 44 na elfu 929. Mwaka 2022 tulikuwa milioni 61 na elfu 741. Tuliongezeka milioni 16 na elfu 812.

Katika karatasi, mistari ya Tabora na Dodoma imetiwa rangi ya njano, na rangi hiyo simu haikuitaja. Wenzako wanaoona wanavutwa macho pale pale, kwa hiyo ni haki yako kujua sababu. Nimepiga hesabu ya asilimia, ambayo jedwalini haimo: kwa miaka kumi Dar es Salaam uliongezeka kwa asilimia 23, Mwanza 33, Morogoro 44. Tabora na Dodoma kila mmoja uliongezeka kwa asilimia 48, Dodoma ukizidi kidogo sana. Taifa zima ni 37. Hata ukiacha asilimia ukahesabu vichwa tu, Tabora ulipata watu wapya wengi kuliko Dar es Salaam, tofauti ya karibu elfu 81. Swali la tatu linatokana na hapo. Asilimia hizi ni za miaka kumi yote. Ile 3.2 uliyoisikia darasani ni wastani wa ukuaji wa taifa kwa mwaka mmoja.

Usishangae kuikosa Mbeya. Mwaka 2012 ilikuwa ya tatu, lakini mwaka 2016 ulimegwa kutoka kwake mkoa wa Songwe.

Chini yake kuna jedwali dogo la safu mbili, mwaka wa sensa na idadi ya watu nchini. Mwaka 1967 tulikuwa milioni 12.3. Mwaka 1978, milioni 17.5. Mwaka 1988, milioni 23.1. Mwaka 2002, milioni 34.4. Miaka miwili inayofuata, 2012 na 2022, umeshaisikia hapo juu. Mistari imeachana sawasawa kwenye karatasi, ila miaka haikuachana hivyo: kati ya 1967 na 1978 ni miaka 11, na kati ya 1988 na 2002 ni 14. Kwingine ni kumi kumi.

Majedwali yanaishia hapa. Kinachofuata kwenye karatasi ni swali la kwanza, nalo ni maandishi ya kawaida.