Barua ya Kuomba Kusahihishwa Namba ya Chasisi, Jina na Anwani Katika Jedwali la Bima ya Gari

Mwanaidi Hamisi Kipande,
S.L.P. 1562,
Makorora,
TANGA.

11 Machi 2025

Meneja wa Tawi,
Idara ya Bima za Magari,
TANGA.

Ndugu Meneja,

YAH: MAKOSA KATIKA JEDWALI LA HATI YA BIMA NAMBA TNG/MTR/00417/2025, GARI TOYOTA NOAH T 482 DKX

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Jana wakala wenu alinikabidhi hati ya bima kubwa ya gari langu, inayoanza 3 Machi 2025 na kuishia 2 Machi 2026. Nimeisoma yote huku kadi ya gari ikiwa mbele yangu, na katika jedwali nimekuta makosa matatu: namba ya chasisi, jina langu na anwani. Naomba yote matatu yasahihishwe kwa maandishi, na masahihisho hayo yahesabike tangu bima ilipoanza, yaani 3 Machi 2025.

Naanza na chasisi kwa kuwa ndilo kosa zito kuliko mengine.

Jedwali linasema: AZR60-0138647
Inatakiwa iwe: AZR60-0183647

Tarakimu 8 na 3 zimebadilishana nafasi. Namba sahihi ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari iliyotolewa na TRA, ndiyo iliyogongwa kwenye bodi la gari, na ndiyo niliyoiandika kwenye fomu ya maombi ya bima tarehe 28 Februari 2025. Nakala ya fomu hiyo ninayo, na nimeiambatanisha ili muone kwamba kosa limeingia wakati wa kuchapa hati. Picha ya namba iliyogongwa kwenye bodi nimeiambatanisha pia, imepigwa kwa karibu na inasomeka bila shida.

Kwa macho unaweza kuona ni tarakimu mbili tu. Lakini kibao cha namba za usajili hung'olewa na kubandikwa kingine. Chasisi ndiyo inayolitambulisha gari lenyewe. Hizi Noah za AZR60 zilitengenezwa kwa mfululizo, kwa hiyo namba mliyoandika haikosi mwenyewe: huenda ni ya gari jingine, ambalo mimi silijui na sijalilipia. Gari langu likigongwa leo, mkaguzi wenu wa hasara atasoma namba ya chasisi, atalinganisha na jedwali, na hapo ndipo mjadala utakapoanza. Sitaki mjadala huo uje siku ambayo gari liko gereji na mimi niko hospitali. Ni bora tuumalize sasa, wakati pande zote mbili zimetulia na hakuna anayedai kitu.

Kosa hilo halikuishia kwenye karatasi. Nimehakiki stika yangu kwenye mfumo wa TIRA. Nikitafuta kwa namba ya usajili, gari linaonekana na bima ni hai. Nikitafuta kwa namba sahihi ya chasisi, hakuna kinachotokea. Kwa hiyo naomba msirekebishe jedwali peke yake na kuuacha mfumo na namba ile mbaya. Kama utaratibu wenu unahitaji stika ya sasa ifutwe na itolewe nyingine, naomba ile mpya itoke kwanza ndipo ya zamani ifutwe, ili lisipite hata saa moja gari likiwa barabarani halina bima. Sura ya 169 ya sheria zetu inakataza hilo, na askari wa usalama barabarani hatanielewa nikimwambia kwamba stika yangu iko njiani inarekebishwa.

Kuhusu jina, jedwali limeandika Mwanahamisi Idi Kipande. Mimi ni Mwanaidi Hamisi Kipande. Jina hilo ndilo lililo kwenye kitambulisho changu cha NIDA, kwenye kadi ya gari, kwenye TIN na kwenye akaunti yangu ya benki. Aliyechapa amelichanganya langu na la baba, akatoa jina la mwanamke mwingine kabisa, na hapa Tanga wanawake wenye jina hilo si wachache. Fidia ikija kulipwa kwa jina hilo, benki itaikataa. Pia sheria inamtaka mwenye bima awe na maslahi kwenye mali anayoikatia bima, na kwa jinsi jedwali lilivyo sasa, anayeonekana kuwa na bima hana gari, na mwenye gari hana bima.

Anwani iliyoandikwa ni S.L.P. 1526, Dar es Salaam. Sahihi ni S.L.P. 1562, Tanga. Ninaishi Makorora na gari linalala hapo nyumbani, kama nilivyoeleza kwenye fomu. Masharti ya hati yenu yanasema taarifa yoyote, hata ya kusitisha bima, itahesabiwa kuwa imenifikia ikishatumwa kwenye anwani iliyo katika jedwali. Sipendi taarifa ya namna hiyo ikakae kwenye sanduku la mtu mwingine Dar es Salaam.

Mengine yote yako sawa na naomba yasiguswe: namba ya usajili, thamani ya gari shilingi 14,500,000, matumizi binafsi, na ada ya bima shilingi 507,500 ambayo pamoja na VAT ya 91,350 imefika 598,850. Fedha hizo nimelipa zote kabla bima haijaanza, na stakabadhi yenu ninayo. Gari ni lilelile, mwenye gari ni yuleyule na mahali linapolala hapajabadilika, kwa hiyo sioni sababu ya kutozwa nyongeza wala gharama ya kuandika upya.

Ninachoomba kutoka ofisini kwako ni kiambatisho cha marekebisho chenye saini na muhuri, kinachotaja makosa yote matatu na kusema wazi kwamba kinatumika tangu 3 Machi 2025. Kikiandikwa tarehe ya siku kitakapotolewa, siku zote za katikati zitabaki na utata. Wakati kinaandaliwa, naomba unijibu kwa barua fupi kuthibitisha kwamba gari lenye chasisi AZR60-0183647 linakingwa na hati hii.

Naomba haya yakamilike kabla ya Ijumaa, 21 Machi 2025. Mwishoni mwa mwezi, Idi ikifika, nitakwenda na watoto Mombasa kwa mama mkubwa, tukipitia Horohoro. Kwa safari hiyo nitahitaji mnikatie kadi ya njano ya COMESA, nayo inajazwa kutokana na hati hii hii. Ikitoka na chasisi isiyolingana na kadi ya gari, tutakwama mpakani.

Wakala wenu amenipokea vizuri na amekubali kuipokea barua hii, lakini amenieleza kwamba yeye hana mamlaka ya kubadilisha jedwali. Ndiyo maana nimekuandikia wewe moja kwa moja. Kama mtapenda kulikagua gari, niko tayari kulileta ofisini asubuhi ya siku yoyote ya kazi. Namba yangu ya simu ni ileile iliyo kwenye fomu.

Wako mwaminifu,

(saini)

Mwanaidi Hamisi Kipande
Mwenye bima

Viambatanisho: nakala za jedwali nikiwa nimeyazungushia makosa kwa kalamu nyekundu, kadi ya gari, kitambulisho cha NIDA, fomu ya maombi ya 28 Februari 2025 na stakabadhi ya malipo, picha ya namba ya chasisi.

Nakala: Wakala aliyekata bima hii. Naomba agonge muhuri wa kupokea na kuandika tarehe kwenye nakala yangu.