Marekebisho ya jarida la Juni kwa makatibu wa AMCOS

Shikamoo Meneja,

Nimelipitia jarida la Juni kabla halijatumwa. Maelezo ya ndani yako sawa. Linaloliangusha ni kichwa: “Taarifa muhimu kwa wanachama wetu”. Aprili kilikuwa “Habari za mwezi”, Mei “Jarida letu, toleo jipya”. Katibu aliyeko Mbozi anatazama simu kando ya mizani, foleni ikimsubiri, na kioo kinamwonyesha maneno machache ya mwanzo tu. Hapo hakuna neno linalomwambia afungue sasa, na wengi hawafungui.

Nadhani kichwa kinakosa la kusema kwa sababu jarida lenyewe limebeba mambo manne. Nimelivunja. Mkutano na shukrani kwa wageni vinasubiri wiki ijayo. Picha za ziara ya TaCRI Mbimba nimezitoa. Nimebakiza saa za kupokea kahawa, maana hilo likimpita katibu anayeumia ni mkulima. Kahawa mbivu ikilala kwenye gunia inapata joto na kuchacha kabla ya kumenywa, na ile ladha ya uchachu haitoki hata uioshe vipi. Daraja linashuka, na bei pamoja nalo, kwa kazi ya mwaka mzima.

Naomba uridhie hili:

Kichwa: Jumatatu 8 Juni: mizani kufungwa saa 12 jioni

Mstari wa chini ya kichwa: Kahawa iliyochumwa jana yake haitapokelewa. Watangazie wakulima leo.

Ndugu Katibu,

Kuanzia Jumatatu tarehe 8 Juni mizani itafunguliwa saa 8 mchana na kufungwa saa 12 jioni, kila siku isipokuwa Jumapili. Mtambo utaanza kumenya saa 9 alasiri, ili kahawa ya siku imenywe siku hiyohiyo.

Wakumbushe wakulima wachume nyekundu tu. Mbichi na zilizokaukia mtini zichambuliwe kivulini kabla ya kuletwa. Wanaokaa mbali wapange usafiri wa pamoja, wasichelewe.

Ukishasoma, jibu “Nimepata” na jina la AMCOS yako. Ambaye hatakuwa amejibu hadi Ijumaa jioni tutampigia simu.

Wako katika ushirika,
Ofisi ya Meneja

Lile pendekezo lako la “HARAKA! SOMA SASA!” nimeliacha, Meneja, kwa heshima zote. Katibu akifungua mara moja akakuta hakuna la haraka, siku ya dharura ya kweli hatatuamini. Tarehe na tendo vinatosha.

La wiki ijayo nimeliandalia kichwa hiki: “Mkutano Alhamisi 18 Juni, saa 4: njoo na leja ya mizani”. Nikipata ridhaa yako kabla ya saa 10 alasiri, hili la mizani nalituma leo.