Pole, Zuhura

Zuhura mdogo wangu,

Pole. Pole sana kwa kuondokewa na Mama. Jumatano asubuhi ulipopokea simu nikasikia sauti yako, maneno yote yalinipotea, tukabaki tunalia wote wawili mpaka ukaitwa ndani. Ndiyo maana leo naandika. Soma ukipata nafasi, hata ikiwa ni wiki ijayo. Wala usihangaike kujibu, najua simu yako imejaa na watu bado wanaingia na kutoka hapo nyumbani.

Mama nilimwona mara moja tu, mwaka jana alipokuja Dar kwenye kliniki ya presha ukampitisha ofisini. Mara moja hiyo imenitosha kumlilia. Alimsalimia mlinzi getini kama wamelelewa pamoja, akapanda ngazi taratibu, akafika kwenye meza yangu nikiwa nakohoa. Hakuwa ameniuliza hata jina. Alinishika kiganja, akakiweka katikati ya viganja vyake viwili, akaniuliza, "Unaumwa tangu lini wewe?" Kisha nikapewa maelekezo ya tangawizi, limau na asali, na nikaambiwa nisinywe maji ya friji. Kesho yake alipokupigia simu yake ya saa saba, kabla ya salamu kwisha akauliza yule dada wa kikohozi ameamkaje. Keshokutwa vilevile. Aliuliza karibu wiki mbili, mpaka ukanipa simu nimwambie mwenyewe kwamba nimepona. Akacheka, akasema, "Haya, sasa nalala."

Sijui ni watu wangapi wamepata mama wa namna hiyo kwa njia ya simu ya mtu mwingine.

Nikuambie na la machungwa. Kile kiroba cha mwisho alichokutumia kwa basi kutoka Muheza, kile tulichokifuata stendi ya Magufuli jioni ile mvua inanyesha, kina machungwa manne yaliyobaki. Yako kwenye bakuli juu ya kabati la mafaili, pale pale ulipoyaweka. Alhamisi mchana Juma alinyoosha mkono kama kawaida yake, akachukua moja, akalishika kidogo, akalirudisha. Hakusema kitu. Hakuna aliyeligusa tena. Kwa miaka mitatu tumekula kwa mkono wa Mama msimu hata msimu, na karibu wote humu ndani hatukuwahi kumwona uso. Nilitaka ulijue hilo, maana kwenye msiba mtu husikia watu wa kwao wakimsifu mama yake, hasikii wa huku mbali.

Sasa kuna jambo lazima niliseme. Ijumaa ile ulikuwa umeshakata tiketi ya kwenda kumwona, na mimi ndiye niliyekuomba ubaki tufunge hesabu za mwezi. Ulinitazama, ukasema, "Haya dada, nitakwenda wiki ijayo." Nalisikia neno hilo kila ninapolala. Nisamehe, Zuhura. Sikuambii haya ili uanze kunibembeleza, mzigo huo ni wangu na nitaubeba. Nakuambia kwa sababu nakufahamu, najua usiku unalala macho ukijiuliza kwa nini hukwenda. Hukwenda kwa sababu mimi nilikuomba, na kwa sababu hakuna aliyejua. Hata Mama mwenyewe hakujua. Jumatatu saa saba nilikuwa nimekaa pembeni yako, mlizungumza mpaka chakula chako kikapoa, akakuambia ukija umletee zile dawa za kuchua miguu. Aliyeagiza dawa alikuwa anakungoja kwa furaha, hakuwa na kinyongo na wewe. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu, hukuniambia wewe.

Kuhusu uchungu ulio nao, sitasema naujua. Baba yangu alifariki 2019, na bado wako siwezi kuupima kwa wangu. Watu watakuambia jikaze. Kama hutaki kujikaza, usijikaze. Kama unataka kulala mchana kutwa, lala. Kula tu kidogo, tafadhali, maana hilo ndilo swali la kwanza ambalo angekuuliza.

Nimeumia kushindwa kuja kwenye maziko. Doreen alikuwa na homa kali tangu usiku wa Jumanne, sikuweza kumwacha; sasa hajambo. Kaka Hamisi na dada Grace walinisimulia jinsi watu walivyofurika, na jinsi Mzee alivyokuwa amekaa chini ya mwembe hasemi na mtu. Huyo ndiye anayenipa mawazo zaidi. Miaka yote hiyo na mwenzake, halafu kitanda kimoja. Mpe pole zangu, na wadogo zako pia, mmoja mmoja. Arobaini nitakuja, panapo majaliwa. Nitakuja siku moja kabla, nikae jikoni na wenzangu nikune nazi, nisiwe mgeni wa kupewa sahani.

Ya kazini nayasema haraka ili yasikukalie kichwani. Siku nne za kufiwa zilizo kwenye sheria ya kazi zimeanza kuhesabiwa Jumatano, na bosi amekubali zikiisha uunganishe siku kumi za likizo yako ya mwaka. Fomu nimeshaijaza, imebaki sahihi yako, nayo itakungoja. Ripoti ya stoo anaimalizia Juma, mimi naikagua. Funguo za kabati lako ninazo. Mtu yeyote wa ofisini akikupigia kuuliza faili liko wapi, usipokee, mwambie kwa ujumbe anitafute mimi. Bahasha aliyokukabidhi Hamisi ni ya idara yetu, mkono wetu wenyewe. Ya kampuni itakuja baadaye. Usikae kuandika nani katoa nini. Tumia penye haja.

Mimi na wewe tunasali tofauti, lakini kila Hamisi anapomtaja Mama husema Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lake, nami naitikia amina. Kesho kanisani nitamtaja kwa jina.

Likizo ikiisha utarudi, na saa saba itafika simu isilie. Nimeliwaza hilo sana, kwa sababu ninavyokujua utatoka kwenda kwenye kile kibaraza cha nyuma kama ulivyozoea, ukisimama umeegemea ukuta. Mimi saa hiyo sitapanga kikao wala kwenda benki. Ukitaka kukaa peke yako, nitakuachia kibaraza. Ukitaka mtu wa kukaa naye, nitakuwa mezani kwangu, nimeleta chakula cha watu wawili.

Kabla ya hapo, ukitaka kuzungumza, piga. Hata saa nane za usiku, piga tu.

Dada yako,
Mama Doreen