Ombi la barua ya rekomendesheni ya skolashipu, dedilaini 28 Novemba na 12 Desemba 2025

Shikamoo Dokta,

Ni mimi Neema, yule wa fluoridi, niliyemaliza mwezi wa 7. Najua muhula huu una madarasa matatu na wanafunzi wa projekti wamejipanga mlangoni kwako, kwa hiyo naanza na ombi lenyewe halafu maelezo yatafuata: naomba uniandikie barua ya rekomendesheni kwa maombi yangu 2 ya ufadhili wa masta. La kwanza linafungwa Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, la pili linafungwa Ijumaa tarehe 12 Desemba 2025. Leo ni Jumatatu tarehe 3, yaani mpaka lile la kwanza tuna siku 25.

Kama ratiba haikuruhusu, au ukiona huna la kusema kunihusu zaidi ya "alihudhuria vipindi", naomba uniambie tu kabla ya Ijumaa hii tarehe 7 na wala sitanuna Dokta, nasema kweli. Bado nitakuwa na muda wa kumfuata mwalimu mwingine. Barua ya kusukumwa inajulikana tu na wasomaji wa hizi skolashipu wanasoma mamia, bora nikose ya kwako kuliko nikupate huku hutaki.

Sasa maombi yenyewe. Lile la tarehe 28 ni la Erasmus Mundus, masta ya miaka 2 ya usimamizi wa maji ya ardhini, unahama hama vyuo, angalau nchi mbili. Hapo barua hainipitii mimi kabisa. Nikishajaza jina na imeili yako kwenye fomu, mfumo wao unakutumia linki, unaifungua, unakuta maswali machache ya kuchagua (anawazidije wenzake, uandishi wake ukoje, anaweza kufanya kazi peke yake) halafu chini unapakia barua yako ikiwa PDF, ukurasa mmoja au miwili. Nitaingiza imeili yako siku ukinikubalia, siyo kabla, maana sitaki ushtukie linki ya ghafla. Ikipita siku moja hujaiona angalia kwenye Spam, wenzangu wawili mwaka jana barua zao zilikwama huko mpaka dedilaini ikapita na hakuna aliyejua. Fomu imeandika mwisho ni 23:59 UTC ila mimi hiyo saa nimeichukulia kama haipo, nimejiwekea mwisho wangu tarehe 24, Jumatatu, na ningeomba na barua iwe imeingia siku hiyo. Usiku wa mwisho hiyo mifumo hubanana watu wakabaki wanaangalia kiduara kinazunguka.

Lile la tarehe 12 Desemba ni ufadhili wa chuo chenyewe, kozi ya uhandisi wa mazingira. Hapa ni barua ya kawaida, kwenye karatasi yenye nembo ya idara, sahihi na muhuri, unaiskani na kuituma wewe mwenyewe kwa imeili ya chuo, hawapokei ikitoka kwa mwombaji. Anwani nimeiweka juu kabisa kwenye faili nililoambatanisha. Barua inaweza kuwa ile ile ya kwanza ukibadilisha jina la kozi na mstari mmoja hivi, hawa wanajali zaidi kazi ya maabara, wale wa kwanza wanajali zaidi kama mtu anaweza kuishi na kusoma na watu wa kila aina.

Kwa nini wewe, wakati ninao walimu walionipa maksi kubwa kuliko zako? Sababu ni ile wiki ya mwezi wa 3. Sijui kama unaikumbuka kama mimi. Nilikuletea jedwali la sampuli zangu za kwanza, visima 12, nikiwa nimejaa furaha kwa sababu karibu vyote vilikuwa chini ya miligramu 1.5 kwa lita, ule ukomo wa Shirika la Afya Duniani, nikawaza projekti imeisha mapema. Ukaangalia kimya, ukaniuliza swali moja tu, bafa niliweka kiasi gani. Mimi nilikuwa nimeweka elektrodi moja kwa moja kwenye maji, bila TISAB, nikidhani ile ni mbwembwe ya kitabu. Ukanieleza kwamba aluminiamu na chuma vilivyomo kwenye maji vinaishika fluoridi, na elektrodi inaona ile iliyo huru peke yake, kwa hiyo nilikuwa napima kivuli cha kitu. Nikarudia zote, nusu kwa nusu na bafa, nikitengeneza stendadi upya kila asubuhi, na mteremko wa elektrodi ukiwa nje ya milivolti 56 hadi 60 sipimi kitu siku hiyo. Visima 7 kati ya 12 vikavuka 1.5. Kingekuwa kimoja tu kwenye ripoti yangu ya kwanza Dokta, kimoja! Na kuna watu wanakunywa yale maji.

Ningeomba hilo uliseme kama unaona linafaa. Wengi wataandika kwamba mimi ni mwerevu na mwenye bidii, hayo ni maneno ya kila barua. Wewe ndiye pekee uliyeniona nikikosea vibaya na unajua nilifanya nini siku iliyofuata.

Mengine ya kukukumbusha, maana una wanafunzi wengi na sitegemei uyabebe yote kichwani. Nimemaliza na GPA ya 4.3 kati ya 5, projekti ilipata A. Sampuli zilikuwa 36, kila kisima mara 3, mwisho wa kiangazi, katikati ya mvua na baada ya mvua. Nusu ya pili ya projekti ilikuwa ile safu ya mkaa wa mifupa, gramu 60, ambayo ilishusha fluoridi kutoka miligramu 4.8 mpaka 0.9 kwa lita na ikashikilia hapo kwa lita 40 kabla haijaanza kuchoka. Ule mkaa nilichoma mwenyewe mara 5, mara mbili za kwanza moto ulikuwa mdogo maji yakatoka na rangi ya chai na harufu ambayo watu wa maabara ya jirani walikuja kuulizia, baadaye nikazidisha moto mifupa ikawa myeupe na ikawa haikamati chochote cha maana. Hiyo jedwali ya joto dhidi ya ufanisi iko ukurasa wa 31 na naona ndiyo kitu changu mwenyewe kabisa kwenye ile kazi yote, hukunipa wewe wala sikuitoa popote. Bango la kazi hiyo lilipata nafasi ya 2 kwenye siku ya utafiti ya idara mwezi wa 6, wewe hukuwepo, ulikuwa safarini.

Nje ya projekti, nilifundisha vipindi vya mazoezi ya kemia ya maji kwa mwaka wa kwanza, mihula 2, kundi la watu 18, ulinipa wewe lile jukumu. Na nilifanya mazoezi ya kazi wiki 10 kwenye maabara ya mamlaka ya maji, kazi yangu kubwa ilikuwa kupima klorini iliyobaki na bakteria wa E. coli. Tangu mwezi wa 8 najitolea hapo hapo siku 3 kwa wiki.

Kuna doa moja na naona heri nilitaje mimi kuliko walikute kwenye matokeo wakajiuliza. Mwaka wa pili nilipata sapu ya haidroliki. Nilikuwa nauguza nyumbani muhula ule, nikakosa karibu mwezi mzima wa vipindi, na sapu nikaifanya nikapata 62. Mwaka wa tatu haidroliki ya pili, uliyofundisha wewe, nilipata 78. Nimeieleza kwa sentensi mbili kwenye barua yangu ya nia, sijalia lia. Wewe ukitaka kuigusa sawa, ukiiacha sawa pia, ila tafadhali usiseme kwamba sikuwahi kuyumba kwa sababu karatasi ya matokeo itakukana.

Nimeambatanisha faili 4: matokeo, sivii ya kurasa 2, rasimu ya barua ya nia, na ukurasa mmoja wenye tarehe zote, anwani na hizo namba za juu ili usihitaji kurudi kutafuta kwenye imeili hii ndefu. Barua ya nia bado ni mbichi, ukiona mahali nimejisifu kuliko kazi yenyewe nikwaruze tu kwa kalamu nyekundu kama kawaida yako. Sijakuandikia rasimu ya barua yako. Najua walimu wengine huwa wanapenda mwanafunzi aandike wao wasaini, ila mimi naona aibu kujisifu kwa sauti ya mtu mwingine, na nadhani hata wewe usingekubali.

Ukinikubalia nitakukumbusha mara 2 tu, tarehe 17 Novemba na tarehe 5 Desemba, kwa meseji fupi, sitakupigia. Fomu ya kwanza inanionyesha kama barua imeshaingia (hainionyeshi ulichoandika) kwa hiyo ikiingia mapema hutanisikia. Majibu ya yote mawili yanatoka kati ya mwezi wa 3 na wa 4 mwakani, nitakuambia yakiwa mazuri na nitakuambia yakiwa mabaya.

Alhamisi hii nitakuwa idarani kuanzia saa 4 asubuhi kuchukua cheti cha muda, ukiwa na dakika 10 nitapita ofisini, ukiwa na watu nitaacha karatasi zote kwa sekretari kwenye bahasha ya kaki. Na ile elektrodi ya akiba uliyoniazima mwezi wa 5 bado ninayo Dokta, samahani sana, nimeihifadhi na kifuniko chake na nitaileta siku hiyo hiyo.

Nashukuru mno,
Neema